Namba 6 hakulala: videyo inaonyesha mahali presingi ilivunjikia

Kuanzia siku ya pili ya juma, katika mtaa wetu hapa Lubumbashi, watu wanaongea jina moja tu, na sisi hatutaliandika. Ni kijana wa namba 6 wa ekipe yenye jezi nyeupe, ile iliyopoteza 3 kwa 1 siku ya yenga. Kwenye kituo cha bisi, kwa fundi wa nywele, hata kwa mama anayeuza vitumbula, hukumu ni ile ile: «Namba sita alilala. Bale wengine walipita katikati sawa mu soko.» Mkubwa mmoja wa komite alituambia wazi kwamba kijana hatarudi kwenye liste mbele ya mechi ya kurudiana.

Sisi tulikuwa na videyo ya mechi yote. Tulitaka kujua kitu kimoja tu: ni kweli kwamba katikati kulifunguliwa na mtu mmoja?

Kwanza, wasomaji wajue kwamba kuangalia mechi kwa videyo si kuangalia magoli tena na tena. Kila Mkongomani anakumbuka goli la Sébastien Haller, dakika ya 65, katika nusu fainali ya CAN kule Abidjan, tarehe 7 Februari 2024: krosi ya Gradel, mpira unadunda chini, unampita Mpasi juu, Léopards wanakosa fainali. Lakini ni nani anakumbuka mpira ulipotelea wapi mbele ya ile krosi, na mabeki walikuwa wamesimama wapi wakati ule? Goli ni mwisho wa jambo. Presingi inavunjika mbele yake, sekunde 10 au 20, na mara nyingi mbali na mpira. Ndiyo maana picha ya televizheni inatusaidia kidogo tu: kamera inafuata mpira, na beki wa mwisho mara nyingi yuko nje ya picha. Huwezi kupima umbali kati ya watu wawili kama mmoja haonekani.

Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, kwa kazi ya ofusaidi, FIFA iliweka kamera 12 chini ya paa la kila stade. Zilikuwa zinasoma mpaka alama 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Sisi tulikuwa na telefone mbili na paa la masomo.

Ile paa ndiyo ilituokoa. Iko mita 6 juu ya ardhi, na mita 8 nyuma ya mstari wa kando, karibu na katikati ya uwanja. Watu wengi wanafilimu mechi wakiwa wamesimama chini, kiisha wanashangaa juu ya nini vipimo vinadanganya. Angalia hesabu. Kutoka paa letu, mchezaji wa karibu aliye mita 18 mbele yetu, kosa la doti moja ya picha linamsogeza sentimita 3 au 4 tu. Mchezaji wa ng'ambo, mita 69, doti ile ile moja inamsogeza karibu nusu mita. Na kama tungekuwa tumesimama chini, telefone mkononi, doti moja ya ng'ambo ingekuwa karibu mita 2. Kwa hiyo kuongeza urefu wa mahali pa kufilimia kunafaa kuliko kununua telefone ya bei kali.

Telefone moja haiwezi kukamata uwanja mzima kutoka karibu hivyo. Tuliweka mbili bega kwa bega, moja kwa nusu ya kushoto, nyingine kwa nusu ya kulia, zote zikionyesha mstari wa katikati. Tulizifunga kwa kamba juu ya kipande cha ubao ili zisicheze. Pembe mbili za karibu na sisi hazikuonekana. Hilo tulikubali mapema. Na ili videyo mbili zitembee saa moja, tulitafuta sauti ya filimbi ya kwanza ya arbitri katika kila moja, tukazilinganisha pale.

Sasa, picha imelala upande: aliye mbali anaonekana mdogo, na mistari inakutana. Ili kujua mita, lazima uiambie ordinateri pembe nne za mstatili ambao unajua vipimo vyake ardhini. Tulitumia Kinovea, programu ya bure ya Windows: unachora gridi ya pembe nne juu ya picha, unaandika urefu na upana wake, kiisha kila alama utakayoweka ardhini inapewa mahali pake kwa mita.

Wengi wanakamata vipimo vya kitabu, urefu 105, upana 68, na makosa yanaanzia hapo. Sisi tulipita uwanjani na mita ndefu ya fundi mwashi. Uwanja wetu una mita 98 kwa 61. Sheria inakubali vile. Lakini sanduku la penalti, lililochorwa kwa chokaa, lilikuwa na kina cha mita 16 badala ya 16 na nusu. Mbele ya mechi tuliweka vikoni vinne katika kila nusu, mstatili wa mita 30 kwa 40, tukafilimu dakika moja, kiisha tukavitoa. Mstatili mkubwa ni bora kuliko mdogo. Ukipima kwa kutumia sanduku la goli peke yake, kosa dogo la pale linakuwa kubwa ukifika katikati ya uwanja.

Namna ya kujua kama gridi inasema kweli ni rahisi: pima kitu ambacho hukukitumia kuijenga. Sisi tulichukua alama ya penalti, ambayo kwa mita ya fundi ilikuwa mita 11 kutoka goli. Telefone ya kushoto ilitupa 11.2. Ile ya kulia ilitupa 10.9. Vizuri. Lakini tulipoingia dakika ya 50, ya kulia ikatupa mita 13. Kumbe mtoto mmoja alipanda paani wakati wa mapumziko akagusa ubao. Tulijenga gridi upya kwa pembe za sanduku, tukijua sasa kwamba upande ule una uhakika kidogo. Kama tusingepima tena, tungesema vitu vya ajabu juu ya kipindi cha pili, na tungevisema kwa sauti ya juu.

Jambo lingine linaloangusha wengi: weka alama kwenye miguu, pale kiatu kinapogusa ardhi, usiweke kwenye mwili. Gridi inajua ardhi tu. Mchezaji aliye mita 40 kutoka kwetu, ukibonyeza kichwa chake, ordinateri itamtupa mita 16 nyuma. Hata anaporuka nusu mita kupiga kichwa, miguu yake hewani inamsogeza mita 3 na nusu. Kwa hiyo mtu akiruka, ngoja atue, au tumia picha ya mbele ya kuruka.

Hatukufuata watu 22 kwa dakika 90. Telefone inakamata picha 30 kwa sekunde. Fanya hesabu, unapata alama zaidi ya milioni tatu na nusu. Kuna programu zinazotafuta wachezaji zenyewe, na sisi tuliijaribu moja. Kwa dakika chache inapendeza. Kiisha watu wawili wenye jezi moja wanapishana, mmoja anamficha mwingine, na wakitoka wamebadilishana majina. Unalijua kosa hilo kwa mwendo: alama moja ghafla inakimbia mita 15 kwa sekunde, na Usain Bolt mwenyewe alipita mita 12 kidogo tu. Kila mara lazima mtu arudi kusahihisha kwa mkono. Basi tuliona heri kufanya kidogo kwa mkono tangu mwanzo.

Tulichagua nyakati za aina moja. Wekundu wanaanza mchezo chini, kupitia gadiye au mabeki wao wawili wa kati, na weupe wanaenda kuwakamata. Hizo zilikuwa 41 katika mechi yote. Kwa kila moja tulisimamisha videyo mara mbili: wakati mshambuliaji wa kwanza wa weupe anapoanza kukimbia, na wakati pasi inapopita mstari wa washambuliaji au mpira unapopotea. Tuliandika nafasi za weupe kumi, bila gadiye, na za wekundu waliokuwa karibu na mpira. Tuliandika pia pasi: nani, kwa nani, kutoka wapi kwenda wapi, na kama mpigaji alikuwa amebanwa.

«Amebanwa» ni neno gumu. Siku ya kwanza sisi wawili tuliandika dakika kumi zile zile kila mmoja peke yake. Mmoja alipata pasi 14 chini ya kubanwa, mwingine 8. Haikuwa juu ya macho. Hatukuwa tumekubaliana maana ya neno. Tukaamua: mpinzani awe ndani ya mita 3 na awe anasogea kwa mwenye mpira. Aliyesimama tu hahesabiwi. Tuliporudia, mmoja alipata 10, mwingine 11. Hapo ndipo tuliendelea.

Tulianza na kipimo ambacho watu wa mpira wanakitumia sana kupima presingi, kinachoandikwa PPDA. Kilitolewa na Colin Trainor mwaka 2014. Unahesabu pasi za mpinzani katika asilimia 60 ya uwanja upande wa goli lake. Kwetu ni mita 59. Kiisha unagawanya kwa vitendo vya kuzuia ulivyofanya katika eneo lile lile: kunyang'anya, kukata pasi, kupambana na mwenye mpira hata ukishindwa, na faulo.

```
PPDA = pasi za mpinzani / vitendo vya kuzuia
```

Namba ndogo inasema unawabana wengine mapema. Namba kubwa inasema unawaacha wapige pasi.

Mwanzoni tulikata mechi kwa vipindi viwili, na hatukuona kitu. Halafu tukaangalia saa ya magoli. Weupe walifunga dakika ya 12. Wekundu walisawazisha dakika ya 38, kwa mpira mrefu uliopita juu ya mabeki. Magoli mengine mawili, dakika ya 61 na 77, yalipita katikati, na ndiyo hayo yanayomsumbua kijana. Tukakata mechi kwenye dakika ya 38.

Mbele ya goli lile: pasi 102, vitendo 15. PPDA ni 6.8. Nyuma ya goli: pasi 126, vitendo 21. PPDA ni 6.

Yaani kwa kipimo hiki, weupe walibana zaidi wakati walipokuwa wanafungwa. Mtu anayependa namba angesimama hapa aandike kwamba presingi ilikuwa nzuri, ni bahati mbaya tu. Sisi tulifungua vile vitendo 21 kimoja kimoja. Faulo zilikuwa 9. Katika vile 15 vya kwanza, faulo zilikuwa 2 tu. PPDA inahesabu faulo sawa na mpira ulionyang'anywa safi. Na faulo nyingi za namna ile ni alama ya mtu anayefika akiwa amechelewa. Kipimo hakidanganyi, lakini kinasema tu kwamba watu walienda. Hakisemi kama walienda pamoja.

Hapo tukarudi kwenye nafasi. Katika kila wakati wa presingi tulipima umbali, kwa kufuata urefu wa uwanja, kati ya mweupe aliye mbele kabisa na beki wa mwisho. Mpaka dakika ya 38, kati ya nyakati 19, wastani ulikuwa mita 33. Kutoka pale, kati ya nyakati 22, wastani ulikuwa mita 47.

Hiyo ndiyo mechi yote. Washambuliaji watatu waliendelea kupanda kama walivyofundishwa. Mabeki wanne walibaki nyuma. Ekipe ilivutika kama mpira wa jezi la zamani, na katikati ya zile mita 47 walibaki watu watatu, wawili wakivutwa kwenye pande ili kufunika mabeki wa pembeni wa wekundu. Aliyebaki peke yake ni namba 6.

Mpaka dakika ya 38, mara 12 kati ya 19 weupe walipata mpira, au waliwalazimisha wekundu kupiga mbali ovyo, katika sekunde 8. Nyuma ya hapo, mara 5 tu kati ya 22. Na katika zile mara 17 walizoshindwa, 11 zilitoka kwa namna moja: gadiye anampa beki wa kulia wa kati, beki anangoja mshambuliaji amkaribie, kiisha anapiga pasi ndefu ya chini katika nafasi nyuma ya namba 6. Tuliangalia wakati pasi inapotoka. Mara 8 kati ya 11, ndani ya mita 10 za kijana kulikuwa na wekundu wawili au zaidi, na hakuna mweupe mwingine. Akienda kwa mmoja, mpira unaenda kwa mwingine. Akibaki katikati yao, anaonekana amesimama, na kutoka tribini mtu aliyesimama anafanana na mtu aliyelala.

Chukua goli la dakika ya 61. Mshambuliaji wa weupe anaanza kukimbia, beki wa mwisho yuko mita 49 nyuma yake. Namba 6 anapanda mita 4 kumfuata namba 8 wa wekundu, na hiyo ni sahihi, juu namba 8 ndiye anayeomba mpira. Pasi inampita kushoto, inamfikia namba 10, aliye peke yake. Beki wa karibu yuko mita 17 kutoka kwa namba 10. Anapofika, pasi ya mwisho imeshatoka. Videyo hii tumeirudia mara nyingi, na hatuoni ni wapi kijana angesimama ili hali iwe nzuri.

Mtu atauliza: na makosa ya vipimo? Ni haki kuuliza. Nusu ya kulia, nyuma ya mapumziko, inaweza kuwa na kosa la mita 2. Upande wa ng'ambo ni mita 1 na nusu hivi. Lakini tofauti kati ya 33 na 47 ni mita 14, na urefu wa uwanja katika picha yetu unaenda zaidi kushoto na kulia, ambapo kosa ni dogo kuliko kwenda mbali. Kama tofauti ingekuwa mita 2 au 3, tungenyamaza. Na ile hesabu ya mita 10 za kijana tuliirudia kwa mita 8. Badala ya mara 8 tukapata 7.

Kitu ambacho videyo haikuweza kutuambia ni kwa nini mabeki waliacha kupanda. Picha inaonyesha miguu, haionyeshi neno lililosemwa. Tulidhani ni woga wa namba 9 wa wekundu, yule mwenye mbio aliyefunga la kwanza. Tukamkuta beki mmoja wa kati, fundi wa moto kwa kazi yake, nyumbani kwake.

«Apana, yaya,» alituambia. «Kwenye banki walilia: musipande tena, gadiye hatoki. Sisi tukabaki.»

«Na wale wa mbele, waliambiwa waache kupanda?»

Akacheka kidogo. «Wale wako mbali. Hakuna aliyewaambia kitu.»

Turudi basi kwenye videyo na sikio hilo jipya. Dakika ya 38 na sekunde 50, nyuma ya goli, mtu mmoja wa banki anasimama na kusukuma hewa kwa mikono miwili kuelekea mabeki: rudini. Sauti haisikiki. Gadiye, kweli, yuko juu ya mstari wake karibu kila wakati wa presingi tuliopima, hata mpira ukiwa kwa wengine. Hafuniki nyuma ya mabeki. Kama hatoki, kushuka kwa mabeki kuna maana. Lakini mabeki wakishuka, washambuliaji nao lazima washuke, wangoje karibu na mstari wa katikati. Nusu ya agizo ilifika. Nusu ilibaki kwenye banki.

Hatusemi kijana alicheza mechi nzuri. Alipoteza pasi 6 akiwa hajabanwa, na mbili kati yake zilikuwa hatari. Dakika ya 77 alichelewa kurudi, na hapo wanaomlaumu wana haki kidogo. Ila kwa lile jambo analoshitakiwa, kwamba alifungua katikati, vipimo vinasema alikuta katikati kumeshafunguliwa.

Tumekata vipande 11, kila kimoja sekunde 20, na kila kimoja kina mstari mmoja tu unaoonyesha umbali kutoka mbele mpaka nyuma. Komite imekubali kuviangalia siku ya nne ya juma, saa kumi za mangaribi, katika ofisi yao, kama kutakuwa na moto wa SNEL. Kama hakuna, tutakuja na ordinateri iliyojaa moto. Liste ya mechi ya kurudiana inatoka kesho yake asubuhi.